Kutoka barua hadi simu: shajara ya kuhesabu maneno ya nyimbo

Wiki ya 1

Mradi huu ulianza na ubishi. Rafiki yangu alisema nyimbo za zamani zilikuwa za mapenzi ya kweli, za sasa ni za pesa na lawama. Nikamwomba anioneshe maneno. Akaniimbia mistari miwili ya zamani na mmoja wa sasa, akaona amemaliza kazi. Mistari mitatu haitoshi kuhukumu miaka hamsini, lakini nami sikuwa na kitu bora cha kumjibu. Ndipo nikaamua kukusanya mashairi ya nyimbo za Kiswahili, 40 kwa kila muongo, kuanzia miaka ya 1970 hadi ya 2010. Jumla ni nyimbo 200. Si nyingi, ila naweza kuzisoma zote kwa macho yangu, na hilo kwangu lina uzito kuliko nyimbo elfu kumi ambazo hakuna aliyezisoma.

Neno "mapenzi" nimeliacha kando makusudi. Limo kila mahali na katika kila muongo, kama chumvi, kwa hiyo haliwezi kutenganisha wakati na wakati. Nimechagua kitu chembamba zaidi: mpenzi aliye mbali, na chombo kinachobeba neno lake. Zamani chombo kilikuwa barua, baadaye ni simu. Swali la mradi ni hili: chombo kilipobadilika, dhamira nayo ilibadilika, au ni nomino tu imevua shati la zamani ikavaa jipya?

Wiki ya 2

Nimepoteza siku nne kwa sababu ya herufi tatu.

Nilitaka kutafuta kitenzi "tuma", kwa kuwa barua hutumwa. Kwa Kiswahili huwezi kutafuta kitenzi kikiwa peke yake, maana hakikai peke yake. Kinabeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja: "nilikutumia", "hukunitumia", "atanitumia". Basi nikaiambia programu ilete kila neno lenye "tum" ndani yake, nikatunga mistari miwili ya kuipima:

```python
import re
m = """Tumeachana mwenzangu, matumaini yameisha,
ulinitumia barua, leo unanitumia tu"""
print(re.findall(r"\w*tum\w*", m.lower()))
```

Ikaleta maneno manne: "tumeachana", "matumaini", "ulinitumia", "unanitumia". La kwanza halina kutuma hata kidogo, ni "tu" ya sisi na "me" ya wakati zilizokaa jirani. La pili ni tumaini. Nilipoiingiza kwenye nyimbo zenyewe ikaniletea pia Mtume, mtumwa, tumbo, matumizi na watumishi. Kama ningechora grafu siku ile, "kutuma" kungeonekana kunapanda kila palipo na nyimbo nyingi za kuachana, kwa sababu tu watu wanaoachana husema "tumeachana".

Hayo ya kijinga yanachujwa kwa kuandika orodha ya maneno ya kuruka. Gumu ni la tatu na la nne. "Ulinitumia barua" ni kupeleka, "unanitumia tu" ni kunifanya chombo. Ukiacha kiambishi cha wakati, yanaandikwa sawa herufi kwa herufi, kwa sababu "tuma" ikiongezwa kiambishi cha kumfanyia mtu inakuwa "tumia", na "tumia" ya kufaidika na kitu ilikuwapo tayari. "Nitumie" ni mbaya zaidi: inaweza kuwa "niletee", inaweza kuwa "nikitumie kitu fulani", na katika wimbo wa mtu aliyekata tamaa inaweza hata kuwa "haya, nifanye chombo chako". Hakuna kanuni ya herufi inayoweza kuyatenganisha haya. Anayetenganisha ni msomaji, akiwa na mstari wa juu na wa chini mbele yake.

Kuanzia leo programu inaleta mistari tu, haihesabu dhamira. Kila neno linakuja na mistari miwili kabla yake na miwili baada yake, kisha naamua mimi na kuandika sababu.

Wiki ya 3

Kabla ya kuhesabu chochote, imebidi niamue nini ni "moja".

Nilijitungia nyimbo mbili za majaribio. Wa kwanza una maneno 120, haurudii kitu, na "barua" imo mara 2. Hiyo ni mara moja katika kila maneno 60. Wa pili, ukiandikwa wote kama unavyoimbwa, una maneno 400. Kiitikio chake kina maneno 30, "simu" imo ndani yake mara 2, na kinaimbwa mara 6. Beti zina "simu" mara 1 tu. Jumla ni mara 13 katika maneno 400, yaani takriban mara moja katika kila maneno 31. Ukiishia hapo utatangaza kwamba simu imewashika waimbaji wa sasa mara mbili ya barua ilivyowashika wa zamani.

Sasa andika kiitikio mara moja. Maneno yanabaki 250 na "simu" inabaki mara 3, yaani moja katika kila maneno 83. Matokeo yamegeuka kichwa chini, na hakuna aliyebadilisha dhamira yoyote. Kilichobadilika ni urudiaji.

Nilipoyaangalia mashairi niliyokusanya, nikaona kitu kingine kibaya. Mashairi ya nyimbo za dansi za zamani yameandikwa na wapenzi wa muziki waliokaa na kanda wakisikiliza, na wengi wao huandika "kiitikio" mara moja au "x2" pembeni. Sehemu ya pili ya wimbo, ile gitaa linapochemka na majina ya wanamuziki yanapoitwa, wengi huiacha kabisa. Mashairi ya nyimbo za karibuni huandikwa yote mfululizo, kila "ee" na kila "oh" humo. Kwa hiyo hata kama nyimbo mbili zinarudiarudia sawasawa, karatasi zake hazionyeshi hivyo. Mtu akikuambia kwamba nyimbo za sasa zinarudia maneno zaidi, muulize kwanza nani aliyeziandika na kwa mazoea gani.

Nimekata shauri. Kipimo changu kikuu ni idadi ya nyimbo zenye neno, hata likiwa mara moja tu. Wimbo ni ndiyo au hapana. Kipimo cha pili ni mistari tofauti, kila mstari ukihesabiwa mara moja. Napoteza nguvu ya urudiaji, ambayo ni sehemu ya maana kwa msikilizaji, najua. Lakini napata kitu ambacho mwandishi wa karatasi hawezi kunichafulia.

Wiki ya 5

Wiki ya 4 niliugua, sikufanya kitu.

Leo nimekaa na suala la nani alichagua nyimbo. Nyimbo zangu nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zimepita mlango mmoja. Tanzania Bara ilikuwa na redio ya serikali peke yake, Radio Tanzania Dar es Salaam, na bendi zilikwenda kurekodi kwenye studio yake. Mashairi yalipitiwa kabla ya kurekodiwa. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993 ndiyo iliyofungua njia kwa vituo binafsi, na Radio One ikaanza kusikika 1994. Baada ya hapo studio zikaongezeka, na kijana asiye na bendi wala vyombo aliweza kutoa wimbo.

Fikiria maana yake kwa mtu anayehesabu maneno. Tuseme lawama za wazi kwa mpenzi zinaongezeka katika nyimbo zangu baada ya 1994. Huenda watu walianza kulaumiana zaidi. Huenda pia walikuwa wakilaumiana tangu zamani, ila mstari ule haukupita mlangoni, au mwimbaji mwenyewe aliulainisha akijua utasomwa. Maneno peke yake hayawezi kunitenganishia sababu hizi mbili, kwa kuwa nyimbo ambazo hazikurekodiwa hazimo katika faili langu.

Jambo hili si la huku tu. Orodha ya Marekani ya Billboard Hot 100, iliyoanza Agosti 1958, inapendwa na watafiti kwa kuwa haijakatika. Lakini Novemba 1991 orodha hiyo ilibadili namna ya kukusanya takwimu zake: badala ya kutegemea ripoti za maduka na vituo vya redio, ikaanza kutumia mauzo yaliyosomwa na mashine na matangazo yaliyonaswa na kompyuta. Mwaka 2015 Matthias Mauch na wenzake walichapisha uchambuzi wa sauti za nyimbo zipatazo 17,000 za orodha hiyo, za 1960 hadi 2010. Waliona mageuzi matatu, ya 1964, 1983 na 1991, na kubwa kuliko yote lilikuwa la 1991, pamoja na kupanda kwa rapu. Wao walipima sauti, mimi napima maneno, lakini kila nikiuona mwaka ule nasita. Muziki uligeuka, na mzani nao uligeuka mwaka huohuo.

Tiba niliyoipata ni ndogo. Ndani ya nyimbo 200 nimetenga kundi la bendi moja iliyoishi pande zote mbili za mlango. Nimechukua ile iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, ikawa JUWATA, kisha OTTU, na sasa ni Msondo Ngoma. Waimbaji wamebadilika, lakini mtindo na namna ya kutunga vimerithishwa. Neno likibadilika hata ndani ya bendi hii, siwezi kusema ni kwa sababu tu vijana wa Bongo Fleva wameingia na mtindo wao.

Wiki ya 6

Nimemwomba dada yangu asome mistari 60 yenye "tuma" na "tumia" bila kujua ni ya mwaka gani. Nimefuta majina ya waimbaji, nimechanganya miongo, na mimi nimeisoma kivyangu nikiwa nimejifichia mwaka vilevile. Kila mstari unaingia kapu moja kati ya manne: kupeleka ujumbe, kupeleka pesa, kumfanya mtu chombo, haijulikani.

Hatukufika mbali. Kwenye mstari wa tano aliniuliza, "Kaka, huyu anaposema nitumie, anaomba jibu au anaomba hela?"

Nikamwambia asome mistari ya jirani. Akasema ameshaisoma, haisemi. Na kweli haikusema. Hapo nikagundua kwamba mimi kichwani nilikuwa nimeshaijaza "hela", kwa kuwa niliutambua wimbo hata baada ya kufuta jina. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na tangu hapo "nitumie" ikiachwa peke yake masikioni mwetu inaomba pesa. Zamani kitenzi hiki kilihitaji mwenzake: nitumie barua, nitumie salamu, nitumie picha. Sasa kinaweza kusimama bila kutaja kinachotumwa, na msikilizaji anajaza mwenyewe.

Ugunduzi huu una ncha mbili. Upande mmoja ni ushahidi mzuri wa mabadiliko, tena wa kisarufi: kitenzi kimeacha kudai yambwa yake. Hilo naweza kulionyesha mstari kwa mstari bila kubishana na mtu kuhusu hisia. Upande wa pili, pale ambapo yambwa haipo ndipo msomaji anapoweka yake, na anaiweka kwa kuangalia mwaka. Nikijua wimbo ni wa 2012 nitasoma pesa, kisha nitatoa ripoti kwamba baada ya 2007 pesa zimeongezeka. Nitakuwa nimezunguka na kurudi nilikoanzia.

Kwa hiyo kapu la "haijulikani" limekuwa kubwa, na nitaliacha hivyo. Mstari unaingia kapu la pesa ikiwa tu pesa yenyewe, au kitu kinachonunuliwa, au namba ya kupokelea imetajwa ndani ya mistari mitano. Dada anasema mimi ni mgumu kama hakimu. Huenda.

Wiki ya 8

Hapa ndipo mradi ulipoanza kunifurahisha.

Nimepanga mistari yote ya "barua" upande mmoja na ya "simu" upande wa pili, halafu badala ya kuangalia nomino nimeangalia vitenzi vilivyo karibu nazo. Baadhi ni vilevile pande zote: kungoja, kusubiri, kurudi, kukumbuka, kulala bila usingizi. Aliyeimbia barua na aliyeimbia simu wote hawalali. Rafiki yangu wa ule ubishi amekosea hapa, na namwambia kwa maneno ya nyimbo zenyewe: dhamira ya kungoja haijaondoka.

Vingine vinagawanyika. Barua inafika au haifiki, inapotea, inachelewa, inasomwa, inarudi. Simu inapokewa au haipokewi, inazimwa, inakatwa, inafichwa, inashikwa na mtu mwingine. Nilipoviandika kwenye jedwali sikuona kitu mwanzoni. Kisha nikaongeza safu moja, ya mtenda: kiambishi cha mwanzo wa kitenzi ni cha nani?

Barua "haijafika". Mtenda ni barua yenyewe. Mpenzi hayumo katika kitenzi. Huenda aliandika, huenda hakuandika, posta iko katikati, na mwimbaji anaweza kungoja miezi bila kumshutumu mtu. Mstari wa pili mara nyingi unauliza: je, uliipata, au ilipotea njiani? Barua inampa mpenzi pa kujifichia.

Simu "hupokei". "Umezima." "Umekata." Mtenda ni wewe. Kimya cha simu kina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kutajwa kwa herufi moja mwanzoni mwa kitenzi. Mwimbaji hana haja ya kuongeza neno "mwongo" wala "msaliti" ili mstari uwe lawama. Sarufi imeshalaumu.

Kama hii ni kweli, basi rafiki yangu ana haki nusu. Lawama inaonekana kuongezeka katika mistari ya mpenzi wa mbali, lakini si lazima moyo wa mtu uwe ndio uliobadilika. Chombo kipya kimeondoa msingiziwa. Posta haipo tena ya kulaumiwa.

Wiki ya 9

Nimejaribu kuvunja hoja yangu mwenyewe, na imepata nyufa.

Ufa wa kwanza: "haipatikani". Sauti ya mashine inayosema namba unayopiga haipatikani imeingia kwenye mashairi, na hapo mtenda ni namba, si wewe. Ni sawasawa na "haijafika". Niliitoa mistari hii kando nikaisoma mmoja mmoja. Mingi inaendelea na mstari wenye "wewe": haipatikani, kwa nini umezima. Yaani mwimbaji haikubali sauti ya mashine kama udhuru. Lakini michache inaishia hapohapo kwa wasiwasi, kama barua kabisa, na hiyo nimeihesabu dhidi yangu.

Ufa wa pili ni wa kiufundi, na karibu unitie aibu. Nilikuwa nimeiagiza programu ihesabu vitenzi vinavyoanza na "u" kama "wewe". Moyo "unauma" nao unaanza na "u". Upendo "umepoa", wimbo "unakuita", usiku "umeingia". Nyimbo za mapenzi zimejaa moyo na upendo, kwa hiyo nusu ya "wewe" zangu za kwanza zingeweza kuwa viungo vya mwili na hali ya hewa. Nimerudia kwa mkono. Kitenzi kinahesabiwa "wewe" pale tu ambapo hakuna nomino ya kuongoza upatanisho huo katika mstari wake au ule uliotangulia. Kukanusha kunasaidia kidogo: "hupokei" ina "hu", na moyo haupokei, kwani ungekuwa "hau". Ila "hu" nayo ina pacha wake, ile "hu" ya mazoea, kama "yeye hupokea". Kwa vitenzi vinavyoishia na "a", kinachookoa ni irabu ya mwisho: ikigeuka "i", ni kukanusha. Kwa vingine, kama "hurudi" na "husubiri", anayeamua ni msomaji.

Ufa wa tatu sijauziba. Barua nyingi katika nyimbo zangu zinatoka kwa bendi za dansi, simu nyingi zinatoka kwa Bongo Fleva. Ile bendi moja ya kulinganisha ina nyimbo chache mno zenye simu. Nilizozipata zinaelekea upande wa hoja yangu, mtenda ni "wewe", lakini zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja na sitazichorea grafu.

Wiki ya 10

Nilimpelekea rafiki yangu jedwali. Alilisoma kimya, kisha akasema nimechagua barua na simu kwa sababu nilijua zitanipa jibu zuri. Ana haki ya kuuliza. Nimempa nyimbo zote 200 na nimemwomba achague neno lake, aandike anachotarajia kukiona kabla ya kulitafuta, na anikabidhi karatasi hiyo ikiwa imefungwa.

Amechagua "nyumba". Anatarajia zamani iwe ya kujenga pamoja, sasa iwe ya kuoneshwa. Nimeshamwonya kuhusu "nyumbani", ambayo programu itamletea humohumo, na ambayo katika nyimbo nyingi si jengo hata kidogo bali ni kijiji, mama na mahali pa kurudi. Amesema ataisoma kwa mkono. Tunaanza Jumamosi, na taarab nitaiongeza kwenye mkusanyiko kabla ya hapo, kwa sababu mpaka sasa nimeiacha nje bila sababu ya maana zaidi ya uvivu wa kuchapa mashairi marefu.